Nyanya zikiwa ghali ni chache, zikiwa rahisi zimejaa sokoni. Mbona kanuni ya ugavi inasema kinyume?

binti_wa_genge (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa. Niko kidato cha tatu, nasoma masomo ya biashara, naishi Mbagala. Darasani tumefika kwenye mahitaji na ugavi. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba bei ikipanda wauzaji huleta bidhaa nyingi zaidi, na bei ikishuka huleta kidogo. Mchoro nimeuchora na nimeukariri.

Shida ni kwamba mama anauza nyanya gengeni na mimi ndiye ninayemwandikia daftari la manunuzi. Kwenye daftari mambo yako kinyume kabisa. Mwezi wa nne alikuwa anachukua tenga kwa 60,000, na siku nyingine alikosa kwa sababu mzigo ulioingia ulikuwa mdogo. Mwezi wa nane tenga lilifika 15,000, na nyanya zilikuwa zimepangwa hadi nje ya soko. Sasa kama bei kubwa huleta bidhaa nyingi, kwa nini mwezi wa nne hazikuja? Naogopa kumuuliza mwalimu aone kama nabishana naye.

Kisiki_Mkavu

Binti, usisumbuke. Bei ni gharama. Masika mkulima anatumia dawa nyingi, mbolea ghali, gari linakwama njiani. Lazima arudishe hela yake, ndiyo maana tenga linapanda. Kiangazi gharama ni ndogo, bei inashuka. Hayo ya mistari waachie wa vyuoni.

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba binti. Muulize mwalimu wako bila woga, swali lako ni zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani.

Daftari liko sahihi na ubao uko sahihi, ila vinajibu maswali mawili tofauti. Ubao unauliza hivi: mashamba yakiwa yaleyale, mvua ileile, magonjwa yaleyale, ikibadilika bei peke yake, wauzaji wataleta kiasi gani? Daftari la mama halina hali hiyo. Kati ya mwezi wa nne na wa nane, kilichotangulia kubadilika si bei. Ni shamba. Shamba likibadilika, mstari wote wa ugavi unahama kutoka pale ulipokuwa, na bei ndiyo inayofuata nyuma yake.

Nawaachia walio shambani waeleze kinachotokea huko, kisha nitarudi na hesabu.

Mkulima_Ilula

Nipo Ilula, Kilolo, mkoa wa Iringa. Huku mvua ni za msimu mmoja, zinaanza kama mwezi wa kumi na moja na kukata mwezi wa nne au wa tano. Nyanya ya wakati wa mvua ni vita. Adui mkubwa ni ukungu, ule wa bakajani chelewa. Majani yakikaa na maji na kukawa na baridi, madoa yanaanza kwenye jani, yanashuka kwenye shina, na ndani ya siku chache shamba linaonekana kama limeunguzwa na moto. Unapiga dawa, mvua inaosha, unarudia. Wengi wakati huo wanalima mahindi na kuachana na nyanya kabisa. Kwa hiyo mzigo unaotoka huku kwenda Dar mwezi wa tatu na wa nne ni wa wachache waliothubutu na wakanusurika.

Mvua zikikata, kila mwenye bonde na maji anaingia kwenye vinyungu, yaani vishamba vya bondeni, na mwenye pampu anamwagilia. Ukungu unapungua sana. Unasia kitaluni wiki 3 au 4, unahamishia shambani, na baada ya miezi miwili na nusu hivi unaanza kuchuma. Hesabu mwenyewe: aliyesia mwezi wa tano mwanzoni anaanza kuchuma katikati ya mwezi wa nane. Na tuliosia mwezi wa tano ni wengi mno.

mama_Suzy

Samahani ndugu zangu, na mimi nina eneo dogo Kibaha. Mnanishauri mbegu gani ya nyanya ili nipate bei nzuri? Nimeambiwa Tanya, wengine wanasema Assila.

Mkulima_Ilula

Mama Suzy, mbegu haikupi bei, inakupa mavuno na kinga. Bei unaipata kwenye tarehe ya kusia. Ila Tanya ina ganda gumu, inavumilia safari. Fungua uzi wako tuongee vizuri, hapa tumsaidie binti kwanza.

Mwalimu_Mstaafu

Nimerudi. Binti, chukua karatasi. Namba hizi natunga ili uone jambo, lakini bei nimezichukua kwenye daftari lako. Tuseme kuna soko moja dogo, na wenye magenge na mama lishe wanaonunua hapo, ukiwauliza wote kwa siku moja, wanasema hivi:

Tenga likiwa 60,000 tutachukua matenga 200.
Likiwa 45,000 tutachukua 250.
Likiwa 30,000 tutachukua 300.
Likiwa 15,000 tutachukua 350.

Hiyo ndiyo orodha ya mahitaji. Iweke kando, usiiguse. Sasa mwezi wa nne magari yanashusha matenga 200 tu. Bei gani itayamaliza yote bila mnunuzi kubaki analilia mzigo? Ni 60,000. Mtu akitangaza 30,000, wanaotaka ni 300 na mzigo ni 200, wataanza kupandishiana wenyewe. Mwezi wa nane yanashushwa 350. Bei ya kuyamaliza ni 15,000.

Orodha ya wanunuzi ni ileile. Kilichohama ni mzigo. Ndiyo maana ukiweka alama za mwezi wa nne, wa sita na wa nane za daftari la mama kwenye mchoro, zitashuka kutoka kushoto juu kwenda kulia chini. Umechora mstari wa mahitaji bila kujua, ukawa unautafuta ndani yake ule wa ugavi.

binti_wa_genge

Nimeanza kuona. Lakini mwezi wa nane watu walinunua 350 na mwezi wa nne 200. Si inamaanisha mahitaji nayo yameongezeka? Yaani mistari yote miwili imehama?

Mwalimu_Mstaafu

Hapo ndipo wengi wanapopotea, na mitihani inapenda kupachimba. Hapana. Mnunuzi anayesema "ikiwa 15,000 nachukua nyingi" alikuwa na msimamo huo hata mwezi wa nne, ila hakupata nafasi ya kuutumia. Hajabadilika yeye, ameteremka tu kwenye orodha yake. Kiasi kinachonunuliwa kimeongezeka. Mahitaji ni orodha nzima, na orodha haijaguswa.

Jipime hivi kila mara: je, kama bei ingebaki ileile, watu wangetaka nyingi zaidi kuliko jana? Ukijibu ndiyo, mahitaji yamehama. Ukijibu hapana, wameteleza tu juu ya mstari uleule.

Dalali_Ilala

Mwalimu ameeleza vizuri, ngoja nimwonyeshe binti jinsi "orodha" inavyosomwa sokoni, maana hakuna anayepita na karatasi.

Mzigo unaingia usiku. Fuso na Kenta zinatoka Ilula, Ruaha Mbuyuni, Mgeta, nyingine Lushoto. Dalali kabla hajafungua mdomo anahesabu magari. Yakiwa machache, wenye magenge wanapanda juu ya gari lenyewe, wanashika matenga kabla hayajashushwa. Hapo unataja bei ya juu na hakuna anayekasirika. Yakiwa mengi, wanapita taratibu, wanabonyeza, wanafunua tenga waone za chini, wanaondoka. Ukiona mnunuzi anaondoka mara mbili ujue bei yako imezidi. Unashusha 2,000, unashusha tena. Saa mbili asubuhi tenga lililotajwa 20,000 saa kumi usiku linaweza kuwa 14,000, kwa sababu nyanya iliyoiva ikilala leo, kesho ina maji chini ya tenga. Mahindi ungeyafungia stoo. Nyanya inauzwa kwa bei inayopatikana.

Kisiki_Mkavu

Sawa, lakini bado nasema gharama ipo. Mbolea ilipopanda kila kitu kilipanda.

Mkulima_Ilula

Kisiki, ningependa uwe sahihi, ningekuwa nimejenga. Mwaka mmoja nilitumia hela nyingi kuliko misimu yote niliyowahi kulima, na nikauza tenga kwa 10,000. Nilipomweleza dalali gharama zangu alinihurumia, lakini mnunuzi hakuongeza hata mia.

Tena siku za mwisho sikuchuma kabisa. Tenga lenyewe, kibarua wa kuchuma, nauli ya gari, ushuru, vyote pamoja vilinifikisha 11,000 kwa tenga moja. Soko linanipa 10,000. Nikichuma napoteza 1,000 kwa kila tenga, nikiacha zioze shambani sipotezi zaidi. Mbegu, mbolea na dawa zilishazama zamani, hazikuwa na kauli tena.

Mwalimu_Mstaafu

Mkulima, pole sana, na asante, maana umempa binti kile alichokuwa anakitafuta. Binti, ile kanuni ya ubaoni hiyo hapo, inaonekana kwa macho. Shamba lilelile, wiki ileile, bei iliposhuka chini ya 11,000 matenga yaliyoletwa yakapungua. Ingerudi 13,000 angeingia shambani kesho yake. Huko ndiko kuteleza juu ya mstari wa ugavi.

Na Kisiki hajakosea kote. Gharama ya mbolea haiamui bei ya leo, lakini inaamua wangapi watalima msimu ujao. Wakipungua, mzigo utapungua, na hapo bei itapanda. Inapita kwenye mzigo kwanza, hairuki moja kwa moja hadi kwenye bei.

Kisiki_Mkavu

Hapo nimekuelewa mwalimu. Nilikuwa narukia mwisho wa safari.

binti_wa_genge

Nina swali lingine. Kwenye mfano wa mwalimu, matenga 200 kwa 60,000 ni milioni 12. Matenga 350 kwa 15,000 ni 5,250,000. Kwa hiyo wakulima walileta mzigo mwingi wakapata chini ya nusu ya hela? Inawezekana kweli?

Mwalimu_Mstaafu

Umepiga hesabu ambayo sikukuomba, hongera. Inawezekana na hutokea. Sababu iko kwenye sufuria. Nyumba ya watu watano inaweka nyanya kadhaa kwenye mchuzi. Zikiwa rahisi wataongeza kidogo, labda na kachumbari, lakini hawatakula mara nne kwa sababu bei imegawanyika mara nne. Zikiwa ghali watapunguza, wataweka nyanya ya kopo, lakini mchuzi mtupu hawautaki. Watu wasipobadilisha sana kiasi wanachotaka, mzigo kidogo ukizidi, bei inaanguka mbali sana ili uishe. Nimechora mfano wangu hivyo makusudi: mzigo uliongezeka kwa robo tatu, bei ikapungua kwa robo tatu.

Dalali_Ilala

Halafu angalia genge la mama yako. Fungu la 500 mwezi wa nne lina nyanya ngapi?

binti_wa_genge

Tatu, tena ndogo. Mwezi wa nane anaweka saba au nane. Lakini fungu linabaki 500 mwaka mzima.

Dalali_Ilala

Basi bei imepanda na kushuka mbele ya macho yako bila tangazo. Mteja wa genge anakuja na 500 au 1,000 mkononi, kwa hiyo kinachobadilika ni ukubwa wa fungu. Unapoandika kwenye daftari, gawanya. Mia tano kwa tatu ni kama 167 kwa nyanya. Mia tano kwa nane ni kama 63.

Mwana_Kariakoo

Namba zako mwenyewe zinatuambia jambo, dalali. Tenga lilishuka kutoka 60,000 hadi 15,000, imebaki robo ya bei. Nyanya ya genge ilishuka kutoka 167 hadi 63, imebaki zaidi ya theluthi. Nani amekula hiyo tofauti? Wenye magenge wanapenda kushusha polepole na kupandisha haraka.

binti_wa_genge

Mama anasema zikiwa nyingi zinamharibikia nyingi pia, kwa sababu wateja wanachagua. Na nauli ya bajaji kutoka sokoni haishuki hata tenga likiwa bure.

Mwana_Kariakoo

Nauli nakubali. Ya kuharibika sijashawishika, lakini sina daftari kama lako.

Karanja_wa_Marikiti

Hamjambo, nawasoma nikiwa Nairobi. Hapa tunatumia kreti, si tenga, lakini hadithi ni hiyohiyo. Ningependa kuongeza kitu kuhusu mahitaji kuhama, maana mmezungumzia ugavi pekee. Nyanya zetu zikipungua Kirinyaga na Loitokitok, wafanyabiashara wa hapa huvuka Namanga kununua upande wenu. Siku hiyo mkulima wa Arumeru hajapunguza wala kuongeza mzigo, ila wanunuzi wameongezeka langoni kwake. Kwa bei ileile ya jana, wanaotaka ni wengi kuliko jana. Lile swali la kujipima la mwalimu linajibiwa ndiyo.

Mwalimu_Mstaafu

Karibu Karanja, umekuja na mfano niliokuwa naukosa. Binti, rudi kwenye orodha yetu. Tuseme wanunuzi wageni wanaongeza matenga 50 kwenye kila bei. Waliotaka 250 kwa 45,000 sasa ni 300. Mzigo ukiwa 300, jana ungeuzwa 30,000, leo unauzwa 45,000. Na ona dalili yake: hapa bei inapanda bila mzigo kupungua. Mwezi wa nne bei ilipanda na mzigo ukapungua. Ukiona bei na kiasi kinachouzwa vinapanda pamoja, tafuta kwa wanunuzi. Vikienda kinyume, tafuta shambani.

Dalali_Ilala

Ramadhani nayo ni hivyohivyo. Watu wanapika futari kubwa, nyanya inatafutwa.

mama_Suzy

Hapo sina hakika, kaka. Mimi niliwahi kuwa mama lishe. Mchana wa Ramadhani tulikuwa tunafunga au tunapika robo. Nyanya niliyokuwa nanunua haikununuliwa. Mnahesabu futari, hamtuhesabu sisi.

Mwalimu_Mstaafu

Mama Suzy ana hoja nzito, na jibu linaweza kutofautiana kati ya soko na soko. Ila kuna jambo la kuangalia kwa yeyote mwenye daftari la miaka mingi. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kawaida. Mwaka 2013 iliangukia mwezi wa saba, nyanya za kiangazi zikianza kuingia kwa wingi. Mwaka 2025 iliangukia mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeanza Pwani na huko Ilula ukungu ukiwa kazini. Hata kama wanunuzi wameongezeka kwa kiasi kilekile, bei haiwezi kuwa sawa kwenye miaka hiyo miwili. Mtu akisema "nyanya imepanda kwa sababu ya Ramadhani" mwaka 2025, anachanganya mambo mawili yaliyokutana.

binti_wa_genge

Swali la mwisho kwa Mkulima. Kama mnajua mwezi wa nane bei inaanguka, kwa nini wote mnasia mwezi wa tano?

Mkulima_Ilula

Kwa sababu mwezi wa tano ndiyo tunaona bei ya 60,000 na tuna maji bondeni. Kila mmoja anaamua peke yake kwa bei anayoiona siku hiyo, lakini atauza kwa bei ya miezi mitatu mbele, ambayo inatengenezwa na sisi wote kwa pamoja. Mwaka unaofuata, waliounguzwa wanaacha, mzigo unapungua, bei inapanda, wanarudi.

Wapo wanaojaribu kukwepa. Jirani yangu anasia mwezi wa pili ili achume mwezi wa tano kabla ya kundi. Anapambana na ukungu, anapiga dawa hadi anakonda, na miaka mingine anapoteza shamba zima. Asipopoteza, anauza vizuri sana. Na hata kiangazi si salama. Mdudu kantangaze anapenda joto na ukavu, anatoboa jani na tunda. Akishambulia bonde zima mwezi wa tisa, bei inapanda wakati kila mtu alitegemea ishuke.

Kisiki_Mkavu

Serikali ingepanga nani asie lini.

Mkulima_Ilula

Nani atakubali kupangiwa kuchuma mwezi wa nane?

Mwana_Kariakoo

Au wajenge vyumba vya baridi. Mzigo wa mwezi wa nane uuzwe mwezi wa kumi na mbili.

Dalali_Ilala

Vyumba vya baridi vinasogeza siku, labda wiki mbili au tatu, kutegemea umechuma ikiwa imeiva kiasi gani. Haitoki Agosti hadi Disemba ikiwa nyanya mbichi. Wiki mbili zingetosha kumpa mkulima nafasi ya kukataa bei mbaya ya asubuhi moja, hilo nalikubali.

binti_wa_genge

Nimechora upya kwa daftari la mwaka jana, nimegawanya mafungu kama alivyosema dalali, na kiasi nimehesabu matenga aliyonunua mama kila mwezi. Alama nyingi zinashuka vizuri kwenda kulia. Moja imekaa nje: mwezi wa kumi na mbili mama alinunua matenga mengi kuliko mwezi wa kumi na moja, na kwa bei ya juu zaidi.

Mwalimu_Mstaafu

Alama hiyo usiifute. Bei na kiasi vimepanda pamoja, kwa hiyo anza kuuliza kwa wanunuzi: sikukuu za mwisho wa mwaka, harusi, shule kufungwa na watoto kuwa nyumbani. Lakini kumbuka unahesabu matenga ya genge moja, si ya soko zima. Muulize mama kama mwezi huo kuna genge jirani lililofungwa watu wakaenda kijijini, maana wateja wao wangehamia kwake hata kama soko zima halikuongezeka.

binti_wa_genge

Yapo mawili yaliyofungwa. Wenyewe walienda Moshi.